Uwiano wa bei za biashara si urari, wala si masharti

Juzi nilimsikia mchambuzi akieleza kwamba "masharti ya biashara" ya nchi fulani yameimarika kwa sababu nakisi yake ya biashara imepungua. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimesoma makala iliyotumia maneno hayo hayo kwa maana ya vipengele vya mkataba wa ushuru. Wote wawili ni watu waliosoma, na wote wawili walikuwa wakizungumzia mambo ya kweli, ila jina walilolitumia ni la jambo la tatu.

Jambo hilo la tatu ni hesabu fupi. Unachukua fahirisi ya bei za bidhaa ambazo nchi inauza nje, yaani namba moja inayoonyesha bei hizo zimebadilika kiasi gani, unaigawanya kwa fahirisi ya bei za bidhaa inazoagiza, kisha unazidisha kwa 100. Katika mwaka wa kizio, yaani ule ambao miaka mingine hulinganishwa nao, jibu ni 100. Likishuka, maana yake ni kwamba kila tani inayopakiwa melini inarudi na mzigo mdogo kuliko zamani.

Kosa limeanzia kwenye tafsiri. Neno la Kiingereza "terms", lililofasiriwa kuwa "masharti", lina maana kadhaa, na mojawapo ni kiasi ambacho watu wawili wanakubaliana kubadilishana, yaani vitu vingapi vya huyu kwa vitu vingapi vya yule. Wachumi walilichukua kwa maana hiyo. Frank Taussig, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard mwanzoni mwa karne ya 20, alipoandika juu ya dhana hii aliongeza kabisa neno linalomaanisha kubadilishana mali kwa mali, ili msomaji asisahau kwamba kinachopimwa ni shehena moja dhidi ya nyingine. Sharti la Kiswahili, lililotoka katika Kiarabu, halikuja na maana hiyo. Sharti ni jambo usiloweza kulikwepa. Tunasema mtu sharti alipe, sharti aondoke. Ndiyo maana anayesikia "masharti ya biashara" huona mezani wajumbe wanaovutana juu ya ushuru na vibali, wakati dhana yenyewe haina mjumbe wala saini. Bei ya shaba ikianguka katika soko la dunia, uwiano umeshuka, hata kama hakuna herufi moja iliyobadilishwa katika mkataba wowote. Kwa sababu hiyo napendelea kusema "uwiano wa bei za biashara", jina refu kidogo lakini linalotaja kitu chenyewe.

Hata hivyo, kosa la kuchanganya na mikataba hugunduliwa upesi. Linalonisumbua zaidi ni lile la kuchanganya na urari wa biashara, kwa kuwa linaficha hasara yenyewe. Urari ni tofauti ya fedha: thamani ya mauzo ya nje ukitoa thamani ya uagizaji. Uwiano ni mgawanyo wa bei. Vinaweza kwenda pande tofauti kabisa, na mfano wa kubuni utaonyesha jinsi gani.

Tuchukue nchi ambayo Pato lake la Taifa katika mwaka wa kizio ni dola milioni 1,000. Inauza nje shaba ya milioni 200 na kuagiza mafuta, mashine na dawa za milioni 200, kwa hiyo urari wake ni sifuri, na wananchi wanatumia vitu vya milioni 1,000: vya milioni 800 walivyozalisha wenyewe na vya milioni 200 kutoka nje. Mwaka unaofuata bei ya shaba inashuka kwa asilimia 30, na bei za bidhaa kutoka nje hazibadiliki. Wachimbaji wanatoa tani zile zile, kwa jasho lile lile, lakini shaba hiyo sasa inaleta milioni 140 tu. Serikali haitaki kukopa, hivyo uagizaji unakatwa hadi milioni 140.

Tazama sasa vipimo vinasemaje. Urari bado ni sifuri, kana kwamba hakuna lililotokea. Pato la Taifa kwa bei za mwaka wa kizio bado ni milioni 1,000, kwa kuwa kipimo hicho huhesabu wingi wa vilivyozalishwa, na wingi haukupungua hata kwa kilo moja. Lakini vitu ambavyo wananchi wanavipata ni vya milioni 800 na 140, jumla 940. Milioni 60, sawa na asilimia 6 ya pato, zimekwenda bila mgodi kufungwa wala shamba kukauka. Wakadiriaji wa hesabu za taifa wanaijua hasara hii, na ndiyo sababu huwa na kipimo cha pembeni, pato halisi la ndani, ambacho huchukua Pato la Taifa kwa bei za mwaka wa kizio na kulirekebisha kwa faida au hasara iliyotokana na bei za biashara ya nje. Kwa kukadiria haraka, zidisha sehemu ya mauzo ya nje katika pato kwa asilimia ambayo uwiano umeshuka: asilimia 20 ya asilimia 30 ni asilimia 6.

Kama serikali ingekopa milioni 60 ili meli ziendelee kuja kama kawaida, urari ungeonyesha nakisi ya milioni 60. Hasara ingekuwa ile ile, ila ingekuwa imeandikwa kwenye daftari la deni. Zambia iliyapitia haya waziwazi. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya nje yalitokana na shaba, na kati ya Aprili na mwisho wa 1974 bei ya shaba jijini London ilianguka kwa zaidi ya nusu, mara tu baada ya bei ya mafuta kupanda takriban mara nne. Mikopo iliyochukuliwa kwa matumaini kwamba bei ingerudi upesi ikageuka mzigo wa muda mrefu.

Kuna mpaka mmoja wa kuutambua. Uwiano ukishuka kwa sababu nchi yenyewe imezalisha zaidi, si lazima iwe imepoteza: bei ikipungua kwa asilimia 10 huku wingi wa mauzo ukiongezeka kwa asilimia 25, uwezo wa kuagiza unapanda kwa asilimia 12.5. Uwiano hautaji wingi, kwa hiyo usomwe pamoja nao. Vilevile, kushuka kwa thamani ya sarafu peke yake hakuugusi katika nchi ndogo isiyopanga bei za dunia, maana bei za pande zote mbili hupanda pamoja zikihesabiwa kwa sarafu hiyo.

Nikimrudia mchambuzi wangu, nadhani alichokiona kilikuwa kweli: nakisi ilipungua. Angesema tu kwamba urari umeimarika, asingekosea. Na kabla ya kuiita habari njema, angeuliza kama nakisi imepungua kwa kuwa nchi imeuza zaidi, au kwa kuwa bei za inachouza zimeshuka na watu wameacha kuagiza walivyokuwa wakivihitaji.