Ile "sawa" ya fundi milango: kutafuta makubaliano ndani ya chati ya WhatsApp

Kazi yangu ni kuweka hesabu za mafundi na wafanyabiashara wadogo hapa Tanga, wengi wao wa Ngamiani na Makorora. Zamani walikuwa wananiletea daftari lenye mafuta ya mikono. Siku hizi wananiletea simu. "Mwanangu, humu ndani kila kitu kipo," ananiambia fundi mmoja seremala, mtu mzima ambaye mimi huanza kumwamkia kabla sijaigusa simu yake. Kweli kila kitu kilikuwepo, ila yeye alikuwa ametafuta siku mbili asione.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Alitengeneza milango sita ya mninga kwa mama mmoja anayejenga Mwahako. Bei ya mlango ni 280,000, kwa hiyo milango ni 1,680,000. Fremu sita kwa 70,000 kila moja ni 420,000 juu yake, jumla 2,100,000. Kianzio cha 900,000 kilishatoka. Fundi anadai 1,200,000. Yule mama, ambaye fundi humwita bosi, anasema anadaiwa 780,000 tu, kwa kuwa fremu anazijua ziko ndani ya bei ya mlango. Ugomvi wote ni wa fremu, na kuna siku ya kulipa iliyoahidiwa ikapita. Fundi anakumbuka vyote viliandikwa. Wapi, hakumbuki.

Alikuwa ametumia kile kisanduku cha kutafutia ndani ya WhatsApp. Aliandika "lipa", "maliza", "fremu". Hiyo ya mwisho ilimpa meseji kibao, mbili za kwanza hazikumpa kitu. Sababu ni rahisi, lakini watu wengi hawaijui: kisanduku kile hutazama mwanzo wa neno. Ukiandika "maliza" kitakuletea "malizana", lakini "namalizia" hakitaiona, maana neno linaanza na "na". Jaribu kwenye simu yako. Kwa lugha inayobandika "nita", "ume" na "naku" mbele ya kitenzi, kisanduku hicho ni kama mtego wa samaki wenye tundu kubwa. Ahadi za Kiswahili karibu zote zinapita.

Ndiyo maana mimi hutoa chati yote kwanza ikawa faili la maandishi. Kwenye Android unafungua chati, unabonyeza vidoti vitatu, kisha More, kisha Export chat, unachagua Without media, unajitumia kwa barua pepe. Kwenye iPhone unagusa jina la mtu juu ya chati, unashuka hadi Export Chat. Mwenzako akiwa amewasha Advanced Chat Privacy, njia hii imefungwa na utabaki kusoma kwa kidole. Faili likifika, kabla ya lolote natengeneza nakala na kulifanyia kazi hiyo nakala. Lile la kwanza siliandiki hata nukta. Kisha natazama mstari wa juu kabisa: je, ni mwanzo wa mazungumzo kweli? Chati ndefu mno hukatwa, hubaki meseji za karibuni tu, na unaweza kutafuta siku nzima kitu ambacho hakikutoka.

Mstari wa juu pia unanipa mpangilio wa tarehe. Simu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani hutanguliza mwezi, hivyo 03/04 inaweza kuwa Aprili au Machi. Natafuta tarehe yenye namba inayozidi 12, ikikaa mahali pa kwanza najua ni siku. Nimeshaona mtu amekomaa kwamba amecheleweshewa malipo mwezi mzima kumbe amesoma tarehe kinyume.

Sasa kutafuta. Natumia Notepad++ kwenye kompyuta. Kwenye dirisha la Find nachagua Regular expression, naacha Match case bila tiki, nabonyeza Find All in Current Document, inanipa mistari yote iliyolingana kwa mpigo. Kosa la mafundi wengi ni kutafuta sentensi wanayoikumbuka. Mimi natafuta pesa kwanza, kwa sababu watu husahau maneno lakini huandika kiasi. Ila kiasi kimoja kina sura nyingi: 900,000 inaweza kuandikwa laki 9, laki tisa, 900k au 900000. Nikaanza na hii, ambamo alama ya | maana yake ni "au" na [0-9] ni tarakimu yoyote:

```
laki|elfu|mil|[0-9]k|000
```

Matokeo yakanichekesha. Ile "mil" niliyoiweka kwa ajili ya milioni ilinasa kila mahali palipoandikwa "milango", na hii ni chati ya seremala. Nikabadilisha ikawa "milioni". Ndivyo ilivyo kwa mizizi mifupi ya Kiswahili. Ukitafuta "lip" ili upate nalipa, nitakulipa na malipo, utaletewa pia nilipofika, nilipata, alipeleka. Hakuna dawa ya hilo zaidi ya macho. Afadhali usome mistari hamsini ya bure kuliko kuukosa mmoja wa haki.

Katika mistari iliyobaki tukaangukia hapa:

```
14/02/2025, 20:06 - Bosi Mwahako: Fundi laki 2 na 80 kwa mlango nimeona. Fremu je
14/02/2025, 20:09 - Fundi: Fremu ni elfu 70 kila moja bosi
14/02/2025, 20:09 - Fundi: Au nikuletee milango mitupu fremu utafute mwenyewe
14/02/2025, 20:14 - Bosi Mwahako: Sawa fundi
14/02/2025, 20:15 - Bosi Mwahako: Kesho saa 4 nakutumia laki 9 ya kuanzia
```

Fundi akapiga goti lake kwa furaha. Mimi nikamwambia asubiri. Soma tena. "Sawa fundi" inajibu nini? Kuna meseji mbili juu yake, na maana zake ni tofauti kwa 420,000. Ukiifuata ya kwanza, bosi amekubali fremu za elfu 70. Ukiifuata ya pili, amekubali milango mitupu na fremu atajitafutia. Faili halisemi, kwa sababu WhatsApp inapotoa chati nje haibebi alama ya meseji iliyojibiwa. Kile kisanduku cha kijivu kinachoonyesha maneno uliyoyajibu hubaki ndani ya simu. Dole gumba na vimoyo watu wanavyobandika juu ya meseji navyo havitoki, na siku hizi dole gumba ndiyo sahihi ya wengi.

Tukarudi kwenye simu. Tarehe tunayo, saa tunayo, kwa hiyo haikuchukua muda. Akapandisha chati hadi tarehe 14 Februari, na hapo ikaonekana: bosi alikuwa ameivuta ile meseji ya "Fremu ni elfu 70 kila moja" ndipo akaandika sawa. Tukapiga skrinishoti ionyeshe jina la juu, tarehe, na meseji zote tano pamoja. Skrinishoti ya "sawa" peke yake haina maana yoyote, na mimi huwa naikataa.

Ikabaki siku ya kulipa. Hapa pesa haikusaidia, maana ahadi nyingi za mwisho hazitaji kiasi. Zinasema "hiyo", "ile", "iliyobaki". Nikatafuta siku, na siku nazo zina uandishi wake: j3 ni Jumatatu, j4 Jumanne, j5 Jumatano, na wapo wanaoandika jtano. Nikaongeza mzizi "maliz" na neno moja ambalo kwa watu wa pwani hii huwa halikosekani ahadi ikitolewa:

```
maliz|j[2-5]|jtano|ijumaa|in ?sha
```

Hiyo ya mwisho inanasa inshallah, inshaallah na in sha Allah. Ikaja mistari kadhaa, mmojawapo ukiwa hauna tarehe wala jina mbele yake. Usiuruke mstari wa namna hiyo. Mtu akishuka mstari ndani ya meseji moja, faili huweka tarehe na jina kwenye mstari wa kwanza tu. Nikaugusa ukanipeleka mahali pake, nikapanda juu kidogo:

```
24/03/2025, 07:41 - Bosi Mwahako: Fundi milango na fremu nimepokea, mizuri
Hiyo baki namalizia j5 kabla ya Idi inshallah
Usinipigie mchana niko kazini
```

Tarehe 24 Machi 2025 ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo j5 ni tarehe 26. Idi ya mwaka ule ilikuwa siku chache mbele, kwa hiyo siku na sikukuu vinakubaliana. Na tazama lile neno "fremu": amepokea fremu, akaziita nzuri, hakuuliza kwa nini zimeletwa.

Bado nilitaka kitu kimoja nje ya chati. Bosi aliahidi kianzio "kesho saa 4", yaani saa 4 asubuhi ya tarehe 15, ambayo faili lingeiandika 10:00. Tukafungua meseji za pesa za simu ya fundi, tukaikuta 900,000 imeingia tarehe hiyo saa 10:37. Anayeisoma saa hiyo kwa haraka angeona hapa pana alasiri, na kudhani bosi hakutimiza. Pesa imeingia kesho yake, kiasi kilekile, kutoka namba ileile: hapo najua mwenye namba ndiye aliyekuwa anaandika.

Fundi akataka nimchapie faili alipeleke lilivyo. Nikamfungulia ile nakala mbele yake, nikafuta ule mstari wa "milango mitupu", nikahifadhi. Haikubaki alama. "Na yeye anaweza kusema umefanya hivi," nikamwambia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa kielektroniki uwe ushahidi, lakini uzito wake unapimwa kwa namna ulivyotengenezwa na kutunzwa, na mwandishi wake alivyotambuliwa. Faili linaloweza kuhaririwa na mtoto wa darasa la tano lina kazi yake, nayo ni kukuonyesha pa kutazama. Cha kubeba ni simu yenyewe, chati ikiwa haijafutwa. Nikamwonya pia asibadilishe simu bila kuhifadhi chati, na kama mmoja wao amewasha meseji za kupotea, azizime leo.

Palikuwa na mstari mmoja ulionitia shaka, wa tarehe 27 Machi: `<Media omitted>`, kisha fundi anajibu "haya bosi hamna shida". Tukausikiliza kwenye simu. Ilikuwa voisi ya bosi akiomba asogezewe hadi baada ya Idi. Fundi alikuwa ameisahau kabisa, na kusema kweli hakufurahi nilivyoikuta, maana yeye alikuwa anataka kumwambia amekaidi tarehe. Nikaiandika kwenye karatasi yangu pamoja na zile nyingine. Siku ikasogea, deni halikupungua.

Bosi alikuja dukani mwenyewe. Hatukumwonyesha karatasi, fundi alimpa simu ikiwa pale pale kwenye ile "sawa". Akaisoma, akapandisha juu, akashusha, akasema, "Kumbe fremu niliuliza mwenyewe." Akatuma 700,000 tukiwa tumekaa. Ya 500,000 akaandika meseji, na safari hii fundi hakumwachia mpaka aweke namba na tarehe.