Ijumaa yako iwe ndani ya barua ya mwaliko

Mimi ni mtafiti wa dagaa na migebuka hapa Kigoma. Vijana wa kazini wakikubaliwa kwenye mkutano wa nje huja mbio na barua: "Kaka, tayari!" Tayari wapi? Hiyo inasema tu kwamba ikisiri yako imepita na utapewa dakika zako za kuzungumza. Ubalozi unataka barua ya mwaliko, yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe za kufika na kuondoka, na nani analipa nini. Wapo waandaaji wasioitoa mpaka ulipe ada ya ushiriki.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Ubelgiji, mkutano wa Jumanne hadi Alhamisi. Ijumaa niliiacha kwa ajili ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati yanakohifadhiwa samaki wa Ziwa Tanganyika ndani ya chupa. Mwenzangu wa huko alishaahidi kunitolea migebuka ya zamani tuipime pamoja. Kusema kweli, niliifuata Ijumaa hiyo kuliko mkutano wenyewe.

Mwaliko ulitaja siku za mkutano tu, nami sikuuliza. Viza ilipotoka niliona tarehe ya mwisho iko mbali, nikafurahi. Kumbe tarehe zile ni dirisha tu, kwa kawaida huongezwa siku 15 za tahadhari. Kinachokubana ni idadi ya siku za kukaa, na kwangu iliandikwa 4. Ijumaa nilikuwa angani narudi.

Sasa nahesabu hivi: nafika Jumatatu asubuhi, naondoka Jumamosi. Ni siku 6, si usiku 5, maana siku ya kufika na ya kuondoka zote zinahesabiwa. Naomba mwaliko uandikwe Jumatatu hadi Jumamosi, mwenyeji wa Ijumaa aniandikie barua fupi, na bima, isiyopungua yuro 30,000 kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ifunike siku zote hizo.

Ufadhili nao una mtego. Wengi wakisema "tutagharamia" wana maana utarudishiwa ukishawasilisha risiti, na taarifa ya benki yako ndiyo itakayoonyesha kama unaweza kutangulia kulipa. Waombe walipe tiketi na hoteli moja kwa moja. Usiku wa Ijumaa mara nyingi haumo, kwa hiyo andika kwamba huo unajilipia mwenyewe.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida ni siku 15, lakini yanaweza kufika 45. Alama za vidole ni Dar, na pasipoti hubaki huko. Kwa treni ya kupitia Tabora siwezi kwenda na kurudi mara mbili, kwa hiyo naomba ruhusa ndefu, nalala kwa shangazi Temeke mpaka itoke.