Unapomwomba injinia mkongwe akulee kikazi, omba vikao vitatu

Nimekuwa mhandisi wa miundo ya majengo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mwaka vijana kadhaa huniandikia wakiomba niwe mlezi wao kikazi, au menta kama wengi wanavyosema siku hizi. Karibu wote huandika sentensi ileile: "Shikamoo Injinia, naomba uwe menta wangu." Wengi wao niliwajibu "sawa, tutaongea", kisha hatukuongea. Naandika leo kueleza kwa nini ilikuwa hivyo, na kuonyesha ombi moja ambalo nililikubali siku ileile lilipofika.

Kwetu ni vigumu kumwambia "hapana" kijana aliyekuamkia kwa heshima. Mkubwa akiona mzigo hauwezi, hakatai. Anasema tutaongea, au nitafute wiki ijayo, au ngoja nirudi safari. Kijana anasubiri na kupiga simu, mwisho anaona amepuuzwa. Ukweli ni kwamba mkubwa yule hakuona mwisho wa alichoombwa. Kuwa mlezi wa mtu ni kwa miezi mingapi? Nitapigiwa saa ngapi? Nikishindwa katikati, nitatokaje bila kumvunja moyo? Ombi lisilojibu maswali hayo linamfanya mtu mwenye nia njema akae kimya, hasa yule mwenye shughuli nyingi, ambaye mara nyingi ndiye unayemhitaji.

Ombi nililolikubali lilitoka kwa binti aliyekuwa kwa mkandarasi mmoja Dodoma. Alinitumia kwa WhatsApp, kwa maandishi, si kwa sauti ya dakika sita:

"Shikamoo Injinia. Mimi ni mhandisi mhitimu, mwaka wa pili kazini, niko kwa mkandarasi hapa Dodoma. Nilikusikia Siku ya Wahandisi ukieleza unavyokagua majibu ya kompyuta kwa mkono kabla ya kuyaamini. Hapo ndipo ninapokwama: programu naiendesha vizuri, lakini jibu likiwa na kosa sijui nilikamatie wapi. Naomba vikao vitatu kwa simu, dakika 45 kila kimoja, Jumamosi moja na kuacha moja, kuanzia mwezi ujao. Kila Alhamisi kabla ya kikao nitakutumia mchoro mmoja na ukurasa mmoja wa mahesabu, na baada ya kikao nitakuandikia nilichoelewa. Kikao cha tatu kikiisha, ombi hili limekwisha. Sikuombi sahihi, muhuri wala kazi. Msimamizi ninaye, na anajua kuwa nakuandikia. Kama nafasi haipo nitaelewa kabisa, na hata kunielekeza kwa mtu mwingine itanisaidia sana. Ahsante, Injinia."

Nilipiga hesabu palepale. Dakika 45 mara tatu ni saa mbili na robo, pamoja na robo saa ya kutazama mchoro kabla ya kila kikao. Jumla ni saa tatu ndani ya wiki tano. Hata mwezi wenye kazi nyingi zaidi siwezi kusema sina saa tatu. Na kwa kuwa tarehe ya mwisho ilikuwa imeandikwa, sikuhitaji kufikiria jinsi ya kujitoa.

Lakini muda mfupi peke yake usingetosha. Kilichonivuta ni kwamba alitaja jambo moja, na jambo lenyewe linafundishika kwa simu huku kila mtu akiwa na karatasi mbele yake. Hapa vijana wengi hukosea. Huandika kwamba wanataka kukua kitaaluma, au kujifunza usanifu wa miundo. Nami nikisoma hivyo sijui kikao cha kwanza nianze na nini, kwa hiyo siandai chochote. Kuna mambo mengine muhimu sana ambayo hayafai kuombwa namna hii: kusimamia umwagaji wa zege, kwa mfano, au kujua kama mbao za fomu zimekazwa vya kutosha. Hayo yanahitaji mtu aliyesimama nawe saiti kila siku, na mtu huyo ni msimamizi wako wa kazini au fundi mkuu mwenye uzoefu.

Niwaeleze kikao cha kwanza kilivyokwenda, maana ndicho kinachoonyesha ombi dogo linavyoweza kubeba kitu kizito. Alituma mchoro wa boriti ya zege yenye urefu wa mita 6, inayobeba kilonyutoni 20 kwa kila mita, ncha zote mbili zikiwa zimekaa juu ya kuta za tofali. Kabla ya simu nilitazama nondo. Juu, karibu na ncha, ziliwekwa nyingi. Chini, katikati ya boriti, zilikuwa chache. Mpangilio huo ulinishtua. Boriti iliyoegemea ukuta wa tofali haijashikwa na kitu kwenye ncha. Inazunguka kidogo na kujipinda katikati, na mvuto mkubwa unakuwa upande wa chini, pale katikati.

Sikumwambia kosa. Nilimwomba akokotoe momenti ya katikati kwa mkono, kwa fomula ya boriti ambayo ncha zake zimeegemea tu na ziko huru kuzunguka:

```
wL²/8  = 20 × 6 × 6 / 8  = 90
```

Alipata kilonyutoni-mita 90. Kisha nikamuuliza kompyuta ilimpa ngapi. Akasema 30 katikati na 60 kwenye ncha. Tukanyamaza kidogo. Halafu akasema mwenyewe, polepole, kwamba 30 ni wL²/24 na 60 ni wL²/12, yaani majibu ya boriti iliyokazwa kabisa pande zote mbili. Alikuwa ameacha ncha zikiwa zimekazwa kwenye programu, wakati ukuta wa tofali hauwezi kuikaza. Nondo za chini zilipangwa kwa theluthi moja tu ya momenti halisi. Kwa bahati njema ulikuwa bado mchoro, na aliurekebisha na msimamizi wake Jumatatu iliyofuata.

Hayo yote yalichukua kama dakika 25. Muda uliobaki tulizungumzia namna ya kuijua dalili hiyo kwenye mchoro wowote: kwanza angalia boriti imekaa juu ya nini, ndipo uangalie nondo nyingi ziko wapi. Jumapili jioni aliniandikia mistari sita ya alichoelewa. Mmoja haukuwa sahihi, nikausahihisha kwa sentensi moja. Mistari hiyo naithamini kuliko shukrani yoyote, kwa sababu ndiyo inayonionyesha kama maneno yangu yalifika.

Sasa nirudi kwenye ile sentensi ya sahihi na muhuri, ambayo kijana anaweza kuiona haina uzito. Mhandisi mhitimu hapa Tanzania anahitaji angalau miaka mitatu ya kazi chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu. Programu ya bodi ya mafunzo kwa vitendo, SEAP, iliyoanza mwaka 2003, nayo ni ya miaka mitatu. Katika miaka hiyo anayeweza kuthibitisha kazi yako ni anayekusimamia, anayeiona kazi yenyewe. Baadhi ya walioniomba ulezi, baada ya mazungumzo mawili walileta michoro ya nyumba ya mtu wakitaka niigongee muhuri. Saiti sijafika, udongo sijauona, mwenye nyumba simjui. Lakini nikigonga muhuri, nyumba ikipasuka ni mimi ninayewajibika. Mkongwe aliyewahi kufanyiwa hivyo anakuwa na hofu na kila kijana anayemwandikia. Ukitamka mapema kwamba huombi hilo, unamwondolea hofu ambayo yeye mwenyewe asingeisema.

Kumjulisha msimamizi kuna sababu yake pia. Michoro ya kazini ni mali ya mteja na ya ofisi. Omba ruhusa, kisha futa jina la mteja na namba ya kiwanja kabla ya kuituma nje. Ruhusa ikikosekana, tengeneza mfano wako wenye vipimo vinavyofanana. Boriti ya mita 6 inafundisha vilevile hata kama haijajengwa popote. Na msimamizi asipojua, siku utakapobishana naye ukitumia maneno yangu, utakuwa umetugombanisha watu wawili tunaokutana kwenye mikutano ileile.

Kuhusu kutojibiwa: ukituma ombi kama hilo na kimya kikapita wiki mbili, kumbusha mara moja tu, kwa mstari mmoja, ukirudia kwamba utaelewa kama nafasi haipo. Ukijibiwa "tutaongea" bila tarehe, pendekeza tarehe moja: "Jumamosi tarehe 14 saa nne asubuhi ingefaa?" Akiikwepa na hiyo, chukua kwamba amekataa kwa adabu, mshukuru, nenda kwa mwingine. Usimpigie kila wiki. Nimeona vijana wakifunga mlango ambao mwaka uliofuata ungefunguka wenyewe.

Na ukikubaliwa, linda ulichoahidi. Kijana mwingine alianza vizuri, kwa ombi la vikao vinne vya nusu saa. Kikao cha pili alituma mahesabu ya kurasa 38 usiku wa kuamkia kikao. Cha tatu alichelewa dakika 20, kisha akataka kikao kirefuke kifike muda wa saa moja na nusu. Sikumkemea, ila cha nne sikukitafuta, naye hakukikumbusha. Nasikitika hadi leo kwa sababu alikuwa na kipaji. Dalili za ulezi kuanza kufa ni hizo: maswali yanafika kwa kuchelewa, au hayafiki kabisa, na kikao kinageuka kuwa habari za kazini. Ukiziona, ni bora wewe mdogo useme, "Injinia, wiki hizi nimeelemewa, naomba tusimame hapa." Hakuna mkubwa atakayechukia kusikia hivyo.

Kikao cha tatu kilipofika dakika ya 40, yule binti wa Dodoma alisema, "Injinia, hiki ndicho cha mwisho tulichokubaliana. Nashukuru sana." Nilitamani kumwambia tuendelee, nikajizuia, nilitaka akatumie aliyoyapata kwanza. Miezi minne baadaye aliandika tena. Safari hii alikuwa na msingi wa jengo kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na aliomba vikao viwili. Nilimjibu kabla ya chakula cha mchana: Jumamosi, saa nne, utume vipimo vya udongo Alhamisi.