Kisukari hakikai mstari wa juu

"Marehemu wetu hapa Malindi aliugua kisukari miaka 12. Si ndicho kiandikwe mstari wa kwanza wa fomu ya daktari ya sababu za kifo?"

La. Mstari (a) ni wa kilichomuua moja kwa moja, na kila mstari unaofuata chini hutaja kilichosababisha ule wa juu yake. Kwa hiyo: (a) maambukizi yaliyoenea kwenye damu, siku 2, (b) donda ndugu la mguu, wiki 3, (c) kisukari, miaka 12. Kwa kawaida takwimu huchukua mstari wa mwisho uliojazwa kuwa chanzo. Ukipindua, huenda donda au maambukizi ndiyo yakahesabiwa. Jikague kwa muda wa kila ugonjwa: ukishuka mistari, muda usipungue. Pumu iliyomdhoofisha tu, nje ya mnyororo huu, huandikwa Sehemu ya Pili ya fomu. "Moyo ulisimama" usiandike kamwe; kila afaye moyo wake husimama.