Kusoma kiboti cha 3DBenchy: kasoro ipi ya printa ianze kurekebishwa

Kiboti cha 3DBenchy, kilichotolewa mwaka 2015 na kampuni ya Creative Tools ya Uswidi, kimekuwa kipimo cha kawaida cha printa za 3D kwa sababu moja kubwa: vipimo vyake vinajulikana. Kina urefu wa milimita 60, upana wa 31 na kimo cha 48, na ndani ya umbo hilo dogo kuna sehemu zinazoijaribu mashine kwa namna tofauti, kama vile omo linaloning'inia, madirisha, paa la kibanda na bomba jembamba la moshi. Taabu ni kwamba kiboti kimoja kibovu huonyesha kasoro nne au tano kwa pamoja, na macho huvutwa na ile inayochukiza zaidi, ambayo mara nyingi si ya kuanza nayo.

Nitaeleza kupitia printa moja niliyoletewa, ya aina ambayo kitanda chake huenda mbele na nyuma, yenye nozeli ya milimita 0.4 na filamenti ya PLA. Nilichapisha kiboti kwa tabaka za milimita 0.2, bila nguzo za kuegemeza, urefu wake ukifuata mhimili wa X, kisha nikalihifadhi faili lile lile kutoka kwenye slaisa, programu inayokata umbo kuwa tabaka, ili kila kiboti kitakachofuata kilinganishwe kwa haki. Matokeo hayakupendeza: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui zilitanda ndani ya kibanda, mawimbi yalionekana pembeni mwa madirisha, bomba la moshi lilikuwa limelegea, na mstari mmoja ulizunguka ubavuni mwa kiboti. Mwenye printa alitaka tuanze na nyuzi. Mimi nilisubiri kiboti kipoe kabisa, nikachukua kalipa.

Urefu ulikuwa 60.17 na upana 31.16. Kisanduku cha nyuma, ambacho uwazi wake wa ndani unapaswa kuwa milimita 8 kwa urefu, kilipimwa 7.85. Tarakimu hizi tatu zina habari nyingi kuliko kasoro zote za macho. Kama kosa lingekuwa kwenye hatua za mota za X na Y, lingeongezeka kulingana na urefu: milimita 0.17 katika 60 ingekuwa takribani 0.09 katika 31, na uwazi wa kisanduku nao ungepanuka kidogo, usingepungua. Hapa ziada ni karibu ile ile kwa urefu na kwa upana, na matundu yamebanwa, maana yake kuta zenyewe zimenenepa. Plastiki inatoka nyingi kuliko inavyopaswa. Situmii tundu la bomba la moshi kwa hoja hii, kwa sababu matundu madogo ya mviringo hutoka yamebana hata kwenye printa nzuri.

Hata hivyo, kabla ya kugusa kiasi cha plastiki nilizima mashine nikatikisa kichwa cha nozeli kwa vidole viwili. Kilicheza. Gurudumu moja linalokibana kwenye reli lilikuwa limelegea, nikalikaza kwa nati yake hadi mchezo ukaisha, lakini bado kichwa kikiteleza bila kukwama. Ulegevu wa namna hii hutangulia kila kitu katika mpangilio wangu, kwa kuwa mashine inayocheza haitoi kipimo kile kile mara mbili, na marekebisho yoyote juu yake ni ya kubahatisha.

Kisha ikaja zamu ya ekstruda, sehemu inayosukuma filamenti kwenda kwenye nozeli. Nilipasha nozeli joto la kuchapishia, nikaweka alama kwenye filamenti milimita 120 kutoka mahali inapoingia, na kuiamuru mashine ivute milimita 100 polepole. Amri hizi ni za Marlin, programu inayoendesha printa yenyewe:

```
M83
G1 E100 F60
```

Zilipaswa kubaki milimita 20 hadi kwenye alama, zikabaki 15, kwa hiyo zilivutwa 105. Amri ya `M503` ilionyesha thamani ya E, yaani hatua za mota ya ekstruda kwa kila milimita, kuwa 93. Hesabu ni 93 × 100 ÷ 105, ambayo ni takribani 88.6, nikaiweka na kuihifadhi:

```
M92 E88.6
M500
```

Kiboti cha pili kilikaribia sana vipimo sahihi, na jambo ambalo mwenye printa hakulitarajia ni kwamba nyuzi kibandani zilipungua sana ingawa hatukugusa mpangilio wa kurudisha filamenti nyuma. Ziada ya plastiki hujenga shinikizo ndani ya nozeli, na shinikizo hilo huendelea kuvuja kichwa kinaporuka kutoka nguzo moja ya kibanda hadi nyingine. Kama tungeanza na nyuzi, tungeongeza urefu wa kurudisha nyuma ili kuficha kosa la ekstruda, kisha siku ya kurekebisha ekstruda tungelazimika kuanza upya.

Bomba la moshi halikubadilika. Katika tabaka zake nozeli inazunguka eneo dogo mno, tabaka la chini halijapoa na la juu tayari limelikalia. Kuhakikisha, nilichapisha viboti viwili kwa pamoja, ili kichwa kikienda kwenye kimoja kingine kipate nafasi ya kupoa. Mabomba yote mawili yalinyooka. Basi dawa ni kuongeza muda wa chini wa kila tabaka kwenye slaisa na kuangalia feni. Halijoto ya nozeli niliiacha kama ilivyokuwa.

Mawimbi ya madirishani yalififia baada ya gurudumu kukazwa, lakini hayakuisha. Hapa nilichapisha kwa nusu ya mwendo. Nafasi kati ya mawimbi ikipungua kwa nusu, ni mtikisiko wa fremu, basi punguza mchapuko au imarisha mashine. Ikibaki milimita 2 kwa mwendo wowote, shuku mkanda na puli, kwa sababu meno ya mikanda ya GT2 yamepangwa kwa milimita 2. Yetu ilipungua kwa nusu.

Ule mstari wa ubavuni niliuacha. Hutokea pale sitaha inapoanza: tabaka zilizokuwa na ujazo mwepesi ndani zinageuka kuwa plastiki iliyojaa, muda wa tabaka unabadilika ghafla, na plastiki ile inaposinyaa huvuta ukuta. Umo hata kwenye printa zilizotunzwa vizuri. Ungekuwa wa skrubu ya Z, ungejirudia kwa vipindi sawa, kwa mfano kila milimita 8 kwenye skrubu ambayo mzunguko wake mmoja hupandisha milimita 8. Mstari mmoja usiojirudia, palepale pa sitaha, hauhitaji kufungua mashine.

Kuna mambo ambayo kiboti hakiyaoni kabisa. Kinakalia sehemu ndogo katikati ya kitanda, kwa hiyo hakisemi lolote kuhusu pembe zilizopinda, wala kuhusu vitu vikubwa vinavyojinyanyua kingoni, na uzuri wa uso wake hauthibitishi kwamba tabaka zimeshikana kwa nguvu. Kwa kitanda nachapisha miraba mitano ya tabaka moja, minne pembeni na mmoja katikati, kisha naibandua na kupima unene wa kila mmoja kwa kalipa ile ile.