"Wakili, yule afungwe kama wale wa redio ya Rwanda"

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza nguo soko la Kilombero hapa Arusha aliniwekea simu mezani. Kwenye grupu lao la wafanyabiashara, mtu kaandika kwamba Wachaga wote ni wezi, wateja wasinunue kwao. Mama akataka afungwe kwa uchochezi wa mauaji ya kimbari, "kama wale wa redio ya Rwanda, si kesi ilikuwa hapa hapa AICC?"

Ilikuwa hapa, ndiyo, kwenye mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya Rwanda. Lakini watu wa mji huu wanaikumbuka hukumu ya Desemba 2003 na kusahau kabisa rufaa, na mimi nimechoka kuwasimulia. Redio yenyewe, RTLM, ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Tarehe 28 Novemba 2007 majaji wa rufaa wa mahakama ile waliyagawa matangazo yale mafungu mawili. Ya kabla ya tarehe 6 Aprili 1994 yalijaa chuki ya kikabila, majaji walikubali, ila haikuthibitika kwamba yaliita watu moja kwa moja kwenda kuua. Ya baada ya siku ile, wakati mauaji yameshaanza, ndiyo yaliyombana Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa redio ile, na hata hivyo kifungo chake cha maisha kilishuka hadi miaka 30.

Majaji hawakupima kwa kamusi. Neno "inyenzi", yaani mende, safari nyingine lilimaanisha waasi wa RPF, safari nyingine Watutsi wote, kwa hiyo waliuliza msikilizaji wa Rwanda wa siku zile alielewa nini. Kwa kipimo hicho, fumbo halimwokoi mtu ikiwa wasikilizaji wanalijua, na tusi la wazi peke yake halifiki kwenye uchochezi wa kuua.

Ujumbe wa grupu la Kilombero ni wa fungu la kwanza. Si kwamba ni halali: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kumtusi mtu kwa asili yake. Hilo ndilo shtaka. Na tafadhali, nileteeni mazungumzo yote yenye tarehe, si kipande kilichokatwa.

Wengine huniambia kumsema mkubwa ni chuki. Hapana. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, nayo ipo Arusha, ilisema mwaka 2014 kwamba Burkina Faso ilikosea kumfunga mwandishi Lohé Issa Konaté kwa kumwandika mwendesha mashtaka. Kifungo, ilisema, kibakie kwa mambo mazito kama kuchochea hadharani chuki au ukatili dhidi ya kundi la watu.

Halafu kuna "mimi nilifowadi tu." Sheria ile ya 2015 inataja pia kusambaza. Mama mwenyewe alikuwa ameshautuma ujumbe ule kwenye magrupu matatu ya ukoo. Nikaomba niyaone. La kwanza walikuwa wanalalamika. La pili mmoja alikuwa anauliza aliyeandika ujumbe ule anakaa mtaa gani, na mwingine ameshamjibu. Chai yangu ikapoa pale pale.