Kidonge cha Kiungulia Hutoa Gesi Kiasi Gani? Maswali na Majibu

Nikitafuna kidonge cha kiungulia nabeua sana. Gesi hiyo ni kiasi gani hasa?

Kama kidonge kina miligramu 500 za kalsiamu kaboneti, gesi yote inayoweza kutoka ni takriban mililita 122, yaani karibu nusu ya glasi ya maji. Hesabu yake ni fupi:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Moli moja ya kaboneti, ambayo ni gramu 100, hutoa moli moja ya kaboni dayoksaidi. Miligramu 500 ni milimoli 5. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na shinikizo la kilopaskali 101.3, kila milimoli ya gesi huchukua mililita 24.5, hivyo tano zinafika 122. Vitabu vingi vya shule huandika 24 badala ya 24.5, kwa sababu huchukulia chumba chenye nyuzi 20 hivi. Tumia yoyote, ila usichanganye zote mbili ndani ya hesabu moja.

Tumboni kuna joto la nyuzi 37, na gesi imejaa mvuke wa maji. Ndiyo maana kiasi kile kile cha gesi huko ndani hufikia takriban mililita 135. Kidonge hakijaongeza kitu. Gesi imetanuka tu.

Maabara yetu ilipata mililita 57 kwa sirinji, na wenzetu wa mji mwingine wakapata 48 kwa unga wa kidonge kile kile. Nani kakosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Ujazo wa gesi usioambatana na shinikizo na jotoridi la mahali ulipopimwa haulinganishiki na mwingine. Tuchukue kwamba kila kundi lilipima unga wenye miligramu 200 za kaboneti kwa mujibu wa lebo, na likautia ndani ya mililita 10 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 1 kwa lita. Asidi hiyo inatosha na kubaki.

Ninyi mko mahali pa juu: barometa inasoma kilopaskali 84.0 na chumba kina nyuzi 22. Kwanza ondoeni sehemu ya mvuke wa maji, kwa kuwa gesi iliyokaa juu ya asidi ni mbichi. Kwenye nyuzi 22 mvuke huo una shinikizo la kilopaskali 2.6, kwa hiyo shinikizo la gesi kavu ni 81.4. Kisha geuzeni jotoridi kuwa kelvini kwa kuongeza 273, na mpeleke ujazo kwenye nyuzi 25 na kilopaskali 101.3 za hapo juu:

57 × (81.4 ÷ 101.3) × (298 ÷ 295) = mililita 46.3

Wenzenu wako usawa wa bahari, kilopaskali 101.3, nyuzi 28, ambako mvuke una kilopaskali 3.8:

48 × (97.5 ÷ 101.3) × (298 ÷ 301) = mililita 45.7

Tofauti ya mililita 9 imebaki nusu mililita tu. Sirinji yenyewe haiwezi kusomwa kwa uhakika kuliko hapo.

Barometa hatuna. Tukichukua shinikizo kwenye programu ya hali ya hewa ya simu, itafaa?

Hapa ndipo wengi huteleza. Namba inayoonyeshwa kwenye utabiri kwa kawaida imesharekebishwa ili ionekane kama mahali hapo ni usawa wa bahari. Mkiwa juu mlimani simu itasema 101.5, ilhali hewa inayosukuma pistoni ya sirinji yenu ni 84. Mkiitumia hiyo, mililita 57 zinageuka 56.2, ambazo ni sawa na miligramu 230 za kaboneti, wakati lebo inasema 200. Unga ukionekana kuwa na dawa nyingi hivyo kuliko ulivyoandikiwa, shuku shinikizo kabla ya kumshuku mtengenezaji. Simu zenye kihisi cha shinikizo ndani yake ni jambo jingine: hizo husoma hewa ya hapo hapo, na zinafaa.

Baada ya kusahihisha tumepata 46.3, lakini miligramu 200 zilipaswa kutoa 49. Zilizopungua zimekwenda wapi?

Nyingi zimeyeyuka ndani ya asidi. Kaboni dayoksaidi huyeyuka vizuri majini, na mililita 10 za asidi zinaweza kumeza mililita mbili au tatu katika jaribio kama hili. Dawa yake ni kutupia chembe ndogo ya kaboneti kwenye asidi kabla ya kuanza, chupa ikiwa wazi, na kungoja povu liishe. Asidi ikishashiba gesi, itameza kidogo sana ya jaribio lenyewe.

Sababu ya pili ni gesi kutoroka kabla kizibo hakijakaa. Usimwage unga kisha ukimbilie kuziba. Uweke kwenye kichupa kidogo kilichosimama ndani ya chupa yenye asidi, ziba, subiri dakika chache hewa ya ndani ipate mvuke wake, weka sirinji kwenye sifuri, ndipo uinamishe chupa unga uanguke.

Kosa la kinyume, la kupata gesi nyingi mno, hutokana na joto. Mmenyuko hupasha chupa, na mkono unaoishika pia. Hewa iliyokuwemo hutanuka pamoja na gesi mpya, na nyuzi 5 tu juu ya mililita 150 za hewa na gesi zinaongeza karibu mililita 2.5. Iache chupa mezani dakika kumi. Pistoni ikiendelea kurudi nyuma polepole, bado haijapoa. Ikirudi bila kukoma, kizibo kinavuja. Na izungushe pistoni kidogo kabla ya kusoma, maana hupenda kunata.

Vaeni miwani ya kinga, na msizibe kamwe chupa ambayo gesi yake haina pa kwenda.

Bikaboneti ya soda inatuliza kiungulia haraka zaidi. Gesi yake ni sawa na ya kidonge?

Hapana, ni nyingi zaidi. Nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa ni kama gramu 2.3, na asidi ikitosha hutoa karibu mililita 670 katika hali ya chumba. Tumboni mara nyingi asidi haitoshi, na ndiyo inayoweka kikomo. Tuseme tumbo lina milimoli 5 za asidi. Kalsiamu kaboneti hutumia mbili kwa kila moja ya gesi, hivyo zitatoka mililita 61. Bikaboneti hutumia moja tu kwa kila moja ya gesi, kwa hiyo zitatoka 122 kwa asidi ile ile. Inayobaki husubiri asidi mpya, na gesi huendelea kutoka.

Kwa mtu aliyeshiba kupita kiasi hilo si mzaha: madaktari wameripoti matukio machache ya tumbo kupasuka baada ya bikaboneti. Pia ina sodiamu nyingi, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu, moyo dhaifu au figo mbovu asiitumie bila kumuuliza daktari.

Maumivu makali ya ghafla ya tumbo baada ya kuinywa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au kwenye taya ni ya kwenda hospitali saa ile ile. Na kama kila siku unahitaji kidonge kwa zaidi ya wiki mbili, kamwone daktari.